Mgao au nasibu? Kuchagua sampuli ya utafiti wa maoni Mombasa

Saa nane mchana, stejini Mtambo, Bamburi. Kijana mwenye kishikwambi mkononi amebakiza mhojiwa mmoja tu afunge kazi ya siku: mwanamke, mkaazi wa Kisauni, umri kati ya miaka 35 na 54. Wa kwanza aliyemsimamisha anakaa Mtwapa, amekuja kumtembelea dadake. Wa pili ana haraka, matatu imeshajaa. Wa tatu ana kibanda cha viazi karai, naye yuko radhi.

"Dada, una miaka mingapi?"

"Thalathini na mitatu."

"Nikiandika thalathini na mitano itakuwa vibaya?"

"Andika tu, bora usinipotezee wateja."

Hojaji ikajazwa, kisanduku kikafungwa. Jioni msimamizi akitazama jedwali ataona wanawake wametimia, wanaume wametimia, vijana kwa wazee wametimia, kila kaunti ndogo imepata haki yake. Jedwali litafanana na sensa. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa kazi kama hiyo, na kwa muda mrefu niliamini kwamba kufanana huko ndiyo dhamana ya utafiti. Makala hii nawaandikia walio katika njia panda ile ile: mwanafunzi anayeandika tasnifu, shirika dogo la mtaani, afisa anayetaka kujua maoni ya wakaazi kabla ya mradi kuanza. Mezani kuna njia mbili, sampuli ya mgao na sampuli nasibu ya matabaka, na kwa mbali zinafanana kama mapacha.

Zinapofanana, na pale zinapoachana

Zote mbili huanza kwa kugawa watu katika makundi. Tuseme unataka kuhoji watu 600 katika Kaunti ya Mombasa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ndogo sita. Ukigawa 600 kwa uwiano wa idadi hizo, Kisauni inapata 145, Likoni 124, Nyali 108, Jomvu 81, Mvita 77 na Changamwe 65. (Hii ni hesabu ya watu wa rika zote. Kama unahoji watu wazima pekee, tumia idadi ya watu wazima.) Hadi hapa mtu wa mgao na mtu wa nasibu wameshika karatasi moja.

Wanaachana kwenye swali linalofuata: katika wale 145 wa Kisauni, nani hasa atahojiwa? Katika mgao, mhoji anajiamulia, mradi mtu atoshee kwenye kisanduku. Katika sampuli nasibu, bahati nasibu iliyopangwa ofisini inaamua, na mhoji anatumwa kwa mtu yule na si mwingine. Yaliyobaki katika makala haya yote yanatoka kwenye tofauti hii moja.

Vigezo nitakavyotumia

Nitazipima njia zote mbili kwa maswali manne. Kwanza, kazi yenyewe inafanyikaje, hatua kwa hatua? Pili, upendeleo wa uteuzi unaingilia wapi, na je, utauona ukiingia? Tatu, inagharimu nini kwa muda na pesa? Nne, ukishapata asilimia zako, una haki ya kusema nini juu yake? Swali la pili nitalikalia zaidi, kwa sababu ndilo linalofichika.

## Sampuli ya mgao

Kazi inavyofanyika

Unachagua sifa mbili tatu ambazo sensa inazijua: jinsia, umri, mahali. Ukiwa na jinsia mbili, makundi matatu ya umri na kaunti ndogo sita, unapata visanduku 36. Kila kisanduku kinaandikiwa idadi yake, kila mhoji anapewa fungu lake, kisha anaingia mtaani. Anapomaliza kisanduku anakifunga na kuendelea na vingine. Akikataliwa na mtu, anamgeukia anayefuata, na kukataliwa kule hakuandikwi popote.

Upendeleo unapoingilia

Mgao unakuhakikishia usawa katika sifa ulizozihesabu tu. Sifa usizozihesabu zinaachwa mikononi mwa mhoji, na mhoji ni binadamu mwenye miguu inayochoka. Hatapanda ghorofa ya nne ikiwa chini kuna watu barazani. Hatabisha mlango wenye mbwa. Hatamkatiza anayetembea upesi, wala hatamwendea mlevi, wala mtu anayeonekana mkali. Anamwendea aliyekaa, aliye msafi, anayeonekana kuelewa maswali. Hakuna udanganyifu hapo, ni tabia ya kawaida ya mtu aliye kazini. Lakini ikirudiwa mara 600, inachuja watu wa aina moja.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Swali la utafiti ni hili: *Kati ya maji na usafiri, kipi kinakusumbua zaidi mtaani kwako?* Namba zifuatazo ni za kubuni, nimezitunga ili hesabu ionekane wazi.

Chukua kisanduku kimoja, wanawake wa Kisauni wa miaka 18 hadi 34. Tuseme nusu yao ni watu wa njiani: wanatoka alfajiri kwenda kazini au chuoni, wanarudi usiku. Nusu nyingine ni watu wa nyumbani: wana watoto wadogo, au wanafanya biashara mlangoni, au hawana kazi ya kuwatoa mtaani. Mtu wa njiani kila siku anapigana na foleni na nauli, kwa hiyo asilimia 30 tu ya hao wanataja maji. Mtu wa nyumbani ndiye anayengoja mkokoteni wa maji na kuhesabu mitungi, na asilimia 70 ya hao wanataja maji. Ukiwachanganya nusu kwa nusu, ukweli wa kisanduku hiki ni asilimia 50.

Sasa mhoji amesimama stejini. Pale, katika kila wanawake kumi wa umri huo anaokutana nao, tisa ni wa njiani na mmoja ni wa nyumbani. Hesabu yake inakuwa tisa ya kumi ya 30, ambayo ni 27, ukiongeza moja ya kumi ya 70, ambayo ni 7. Jumla ni asilimia 34. Ukweli ni 50, yeye amepata 34, na hakuna alipokosea kanuni hata moja. Jinsia ni sawa, umri ni sawa, mahali ni sawa.

Hapa kuna mambo mawili ambayo watu wengi huyapita haraka. La kwanza, kuongeza idadi hakusaidii. Ukihoji 6,000 badala ya 600 kwenye steji zile zile, utapata 34 tena, safari hii ukiwa na uhakika zaidi wa jibu lisilo sahihi. La pili, kusawazisha kwa uzito baadaye, yaani kuhesabu majibu ya baadhi ya watu zaidi na ya wengine pungufu, hakusaidii pia, kwa sababu uzito hutolewa kwa sifa unazozijua, na sifa hizo tayari zimelingana na sensa. Kilichopinda ni ule uwiano wa njiani kwa nyumbani, ambao haukuulizwa wala kuhesabiwa.

Jambo hili lina historia ndefu. Nchini Italia katika miaka ya 1920, wanatakwimu Corrado Gini na Luigi Galvani walihitaji kuhifadhi sehemu ndogo tu ya karatasi za sensa. Wakachagua wilaya 29 kati ya 214, kwa uangalifu mkubwa, ili wastani wa sifa saba ulingane na wa nchi nzima. Ulilingana. Lakini walipotazama sifa nyingine, zilikuwa mbali na ukweli. Mwaka 1934 mwanatakwimu Jerzy Neyman aliuchukua mfano huo katika makala yake maarufu, akaonyesha kwa nini kuchagua kwa kulinganisha wastani hakutegemeki, na kwa nini kugawa matabaka kisha kuchagua kwa bahati nasibu ndani ya kila tabaka kunategemeka.

Marekani walijifunza kwa aibu zaidi. Shirika la kura za maoni la Gallup lilitumia mgao katika chaguzi nne za urais, 1936, 1940, 1944 na 1948. Katika zote nne lilimpa mgombea wa Republican kura nyingi kuliko alizopata: pointi kama 6, kisha 3, kisha 2, kisha 5. Katika tatu za mwanzo kosa halikuonekana, kwa sababu Roosevelt wa Democrat alishinda kwa kishindo na utabiri wa nani mshindi ukawa sahihi. Mwaka 1948 pengo lilikuwa dogo, Gallup ikamtangulizia Dewey wa Republican ushindi, Truman wa Democrat akashinda. Kulikuwa na sababu nyingine mwaka ule, ikiwamo wapiga kura waliobadili mawazo siku za mwisho baada ya mahojiano kukoma. Lakini makosa manne mfululizo yanayoegemea upande mmoja si bahati mbaya. Ndani ya kila kisanduku, wahoji walikuwa wakiwafikia kwa urahisi zaidi watu wenye elimu, nyumba nzuri na anwani za kudumu, na watu hao walielekea Republican.

Mombasa ina mitego yake. Anayejaza kisanduku cha Likoni kwenye foleni ya feri atakutana na watu wengi wa Kwale, na baadhi yao watasema "Likoni" kwa sababu ndiko wanakoshukia. Anayejaza Mvita mchana, Mwembe Tayari au Marikiti, anahoji kaunti nzima iliyokuja mjini kununua na kuuza, huku akina mama wa Mji wa Kale wako majumbani. Mfanyakazi wa bandarini wa zamu ya usiku, anayelala mchana Changamwe, haonwi na mtu.

Je, utauona upendeleo huu? Kwa kutazama visanduku, hapana. Kuna njia mbili za kuunusa. Ya kwanza ni kuuliza maswali mawili matatu ambayo sensa inayo majibu yake lakini hukuyatumia kwenye mgao, kama vile kiwango cha elimu, idadi ya watu katika kaya, au chanzo cha maji ya kunywa. Kama jinsia na umri vimelingana na sensa lakini waliofika chuo ni wengi kupita kiasi, ujue mhoji alikuwa akichagua. Ya pili ni kutazama saa na mahali pa kila hojaji kwenye kishikwambi. Hojaji zote zikiwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na alama za ramani zikiwa zimejipanga kando ya barabara kuu kama shanga, hapo una sampuli ya barabara.

Na lile la miaka 33 kuwa 35? Tazama mgawanyo wa umri. Ukiona watu wamerundikana mwanzoni mwa kila kundi, 35 na 55, na pengo miaka miwili kabla yake, uliza.

Gharama na muda

Hapa mgao hauna mpinzani. Kwa uzoefu wangu mhoji mzuri hufunga hojaji 15 kwa siku. Watu 600 kwa wahoji kumi ni siku nne, na hakuna orodha ya kaya, hakuna kurudi mlango ule ule, nauli ni ya steji hadi steji.

Unachoweza kusema

Unaweza kusema, "Kati ya watu 600 tuliowahoji, asilimia 34 walitaja maji." Huwezi kwa haki kuongeza "kiwango cha makosa ni asilimia 4 juu au chini". Kiwango hicho hutoka kwenye hesabu inayodai kwamba kila mkaazi alikuwa na uwezekano unaojulikana wa kuchaguliwa. Katika mgao uwezekano huo haujulikani. Magazeti hukichapisha hata hivyo, na msomaji hudhani kinafunika makosa yote, kumbe kinafunika bahati tu, hakifuniki upendeleo.

Inamfaa nani

Mgao unafaa pale ambapo kuonekana kwa mtu hakuhusiani na jibu lake. Kujaribu kama hojaji inaeleweka, kulinganisha vifungashio viwili vya bidhaa, kusikia aina za malalamiko yaliyopo kabla ya kuuliza ni mangapi: kwa kazi hizo, kumfuata mtu hadi nyumbani mara tatu ni kupoteza pesa. Unafaa pia pale ambapo jibu linahitajika wiki hii na atakayelitumia anajua mipaka yake.

## Sampuli nasibu ya matabaka

Kazi inavyofanyika

Kazi huanzia ofisini, wiki kadhaa kabla. Kaunti ndogo sita ndizo matabaka yako. Hakuna orodha ya wakaazi wote unayoweza kuichomoa majina, kwa hiyo unapita kwenye maeneo ya kuhesabia ya sensa, ambayo Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, liliyachora, kila eneo likiwa na takriban kaya 100. Kwa watu 600 unaweza kuchukua maeneo 60 na kuhoji kaya 10 katika kila moja: maeneo 14 Kisauni, 12 Likoni, 11 Nyali, 8 Jomvu, 8 Mvita na 7 Changamwe. Maeneo yenyewe yanachaguliwa kwa kompyuta, yenye kaya nyingi yakiwa na nafasi kubwa zaidi.

Kisha unatuma watu wa kuorodhesha. Hatua hii ndiyo inayoamua kama sampuli itakuwa nasibu kweli au kwa jina tu, na Mombasa ina ugumu wake. Ingia nyumba ya Kiswahili ya kupangisha kule Magongo: mlango mmoja wa mbele, korido ndefu katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, choo na jiko nyuma. Aliyetumwa kwa haraka anaandika "nyumba moja". Lakini kaya ni wale wanaokula chungu kimoja na kumtambua mkuu mmoja, na humo ndani huenda zimo kaya sita, mojawapo ikiwa ni ya vijana watatu wa bandarini wanaopika pamoja. Ukiiandika kama kaya moja, unampunguzia kila mpangaji nafasi ya kuchaguliwa hadi moja ya sita ya ile ya jirani mwenye nyumba yake. Upendeleo umeingia, na safari hii umeingizwa na njia iliyo bora. Dawa ni kuorodhesha milango ya ndani, mmoja mmoja, na mzee wa mtaa kando yako.

Orodha ikishakuwa tayari, hesabu ni nyepesi. Eneo lina kaya 120 na unataka 10, basi unaruka kila 12. Namba ya kuanzia inapigiwa kura kati ya 1 na 12. Ikitoka 7, kaya zako ni ya 7, ya 19, ya 31, na kuendelea hadi ya 115. Ndani ya kaya, watu wazima wote wanaandikwa na mmoja anachaguliwa kwa kura. Anahojiwa yule aliyeangukiwa na kura, hata kama mkewe ndiye aliyefungua mlango na ana hamu ya kuzungumza. Na kwa kuwa mtu mzima anayeishi peke yake ana nafasi kubwa kuliko anayeishi na wenzake watatu, jibu la kila mmoja baadaye linazidishwa kwa idadi ya watu wazima wa kaya yake.

Upendeleo unapoingilia

Mhoji hana tena uhuru wa kuchagua, lakini mhojiwa bado ana uhuru wa kutokuwepo au kukataa. Turudi kwa wanawake wetu wa Kisauni, namba zikiwa bado za kubuni. Tuseme kila unapobisha mlango, mtu wa nyumbani unampata mara 8 kati ya 10, na mtu wa njiani mara 4 kati ya 10. Ukibisha mara moja tu ukaondoka, theluthi mbili ya uliowahoji watakuwa wa nyumbani, na jibu la maji litakuwa karibu asilimia 57. Ukweli ni 50. Tumekosea tena, ila upande wa pili.

Sasa bisha mara tatu, kwa saa tofauti. Wa nyumbani utakuwa umewapata karibu wote, na wa njiani asilimia 78. Jibu linashuka hadi karibu 52. Kosa la pointi saba limekuwa pointi mbili. Ndiyo maana nasema bila kusita: sampuli nasibu isiyorudi mlangoni ni mgao uliovaa kanzu ya kuazima. Na anayeruhusu wahoji kuhamia kaya ya jirani pale walengwa wanapokosekana ameirudisha steji ndani ya mtaa.

Kukataa nako hakugawanyiki sawasawa. Katika fleti za Nyali zenye geti na askari, barua kwa msimamizi wa nyumba isipotangulia, hata ngazi huzioni. Watakaokosekana ni wenye uwezo, na kama swali linahusu maji, wao ndio wenye visima na matangi.

Tofauti kubwa, kwangu, ni kwamba hapa upendeleo unaacha alama. Unajua kaya 600 zilichaguliwa, ngapi zilihojiwa, ngapi zilikataa, ngapi hazikupatikana, na wapi. Unaweza kulinganisha waliopatikana safari ya kwanza na waliopatikana ya tatu. Kama wa kwanza wanasema maji kwa asilimia 57 na wa tatu kwa asilimia 37, unajua waliobaki bila kupatikana wangeisukuma hesabu upande gani. Mgao haukupi kidokezo hicho, kwa sababu waliokataa stejini hawakuandikwa na mtu.

Gharama na muda

Ni ghali. Mhoji anayefuata kaya alizopangiwa na kurudi tena, akifunga hojaji nne au tano kwa siku amefanya kazi njema. Ongeza siku za kuorodhesha maeneo 60, kibali cha utafiti kutoka tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, kujitambulisha kwa chifu, na mahojiano ya jioni ambayo yanahitaji usafiri salama wa kuwarudisha wahoji nyumbani, hasa wa kike. Kazi ya siku nne inakuwa ya wiki tatu au nne.

Unachoweza kusema

Hapa kiwango cha makosa kina maana. Kwa watu 600 waliochaguliwa mmoja mmoja, ni takriban asilimia 4 juu au chini. Lakini majirani hufanana: bomba la mtaa likikauka, kaya zote kumi za eneo hilo zinalalamika pamoja. Kwa hiyo kuchagua kaya kumi kumi kunakipandisha kiwango hicho, pengine hadi karibu asilimia 5, na mwandishi mwaminifu anataja kile kikubwa. Matabaka yenyewe yanasaidia kidogo kukishusha pale kaunti ndogo zinapotofautiana sana kimaoni. Pia yanakuhakikishia kwamba Changamwe haikosekani kwa bahati mbaya. Ila kwa watu 65 usitangaze asilimia za Changamwe peke yake. Ukitaka hivyo, ongeza sampuli yake, kisha uipunguzie uzito unapojumlisha kaunti nzima.

Inamfaa nani

Anayetaka kutoa asilimia itakayosimama mbele ya watu wanaoipinga. Mtafiti wa mwelekeo wa kura, mpangaji wa bajeti, mwanafunzi ambaye hitimisho lake linasema "wakaazi wa Mombasa" na si "wahojiwa wetu".

## Uamue kwa hali yako

*Una wiki moja, pesa kidogo, na unataka kujua watu wanalalamikia nini.* Tumia mgao, lakini uubane. Mpangie mhoji mitaa badala ya steji, mpe saa (theluthi moja ya mahojiano baada ya saa kumi na mbili jioni, na mengine Jumapili), mkataze kuhoji zaidi ya mtu mmoja katika nyumba moja, na ongeza kisanduku cha anayefanya kazi nje ya nyumba na asiyefanya. Katika mfano wetu kisanduku hicho kimoja kingeondoa sehemu kubwa ya kosa. Kingeondoa kwa sababu tulijua cha kuhesabu, na kabla ya kazi hujui daima.

*Swali lako linahusu usafiri, maji, ajira, usalama au malezi.* Majibu ya maswali haya yamefungamana na mahali mtu anaposhinda mchana kutwa. Tafuta pesa za nasibu. Zikikosekana, punguza watu kutoka 600 hadi 300 kwa njia nasibu kabla ya kukimbilia 1,000 kwa mgao. Kiwango cha makosa kitapanda hadi kama asilimia 6 au 7, nacho utakijua.

*Una pesa za katikati.* Chagua maeneo kwa nasibu kutoka kwenye ramani za KNBS, orodhesha kaya, chagua kaya kwa kuruka, kisha badala ya kurudi mara tatu rudi mara moja, jioni. Andika wazi katika ripoti ulirudi mara ngapi na wangapi hawakupatikana.

*Wewe ni mwanafunzi na msimamizi wako anataka neno "nasibu" kwenye sura ya tatu.* Kama ulisimama getini ukajaza visanduku, andika mgao. Mtahini atakuuliza orodha uliyochagulia iko wapi, na mgao uliotajwa kwa jina lake, pamoja na jedwali la kulinganisha elimu ya wahojiwa wako na ya sensa, ni kazi inayotetewa vizuri.

*Umeletewa ripoti ya mtu mwingine uifanyie uamuzi.* Omba vitu viwili: idadi ya waliochaguliwa lakini hawakuhojiwa, na saa za mahojiano. Aliyefanya nasibu atakupa vyote siku hiyo hiyo. Ukiambiwa cha kwanza hakipo, umejua ni mgao, hata kama jalada linasema jingine, na asilimia zake uzisome kama habari za watu waliopatikana.